Ukipata Nafasi, Bi Ummkulthum

Mudrik Ubwa hajui kuomba kitu kwa maneno machache. Nimekaa naye chumba kimoja katika ghala la mizigo la uwanja wa ndege tangu sijaolewa, meza yangu inatazamana na yake, na nadhani nimesikia maombi yake mengi kuliko mkewe. Akitaka dereva wa foklifti amsogezee sanduku moja tu, humwanza kwa salamu, akamuuliza hali ya mtoto aliyekuwa na homa wiki iliyopita, akamsifu kwa namna anavyoiegesha mashine yake, ndipo sanduku litajwe, tena kwa sauti ya mtu aliyekumbuka jambo dogo njiani. Mimi ningepiga ukelele mmoja kutoka mlangoni, basi. Ndivyo nilivyo, na marehemu mama yangu alijaribu kunirekebisha akachoka.

Lakini haki yake nimpe. Kazi yake Mudrik ni kutoa mizigo, na hakuna mzigo hata mmoja anaoweza kuutoa peke yake. Watu wa forodha wana lao, watu wa afya wana lao, watu wa usalama wana lao. Kila kundi lina wakubwa wake na zamu zake, na hakuna hata mmoja kati yao anayewajibika kwake. Sisi ni kampuni ya mizigo tu, tena ndogo. Hatuna cheo mbele ya mtu yeyote pale uwanjani, hata mbele ya paka wanaolala juu ya marobota.

Yeye hali hiyo haikumkera kamwe. Alizaliwa Tumbatu, akaletwa Malindi ya hapa mjini mdogo sana kulelewa na shangazi yake, na katika nyumba ile iliyojaa watoto kila kitu kiliombwa: mto wa kulalia, zamu ya kuoga, nafasi ya dirishani. Alizoea kuomba kama wengine tulivyozoea kudai. Na ilimfaa, nisiwe mchoyo wa kusema. Nimeona maofisa wa forodha wakirudi kutoka msikitini Ijumaa moja kwa moja kuja kumalizia karatasi zake, hali wangeweza kwenda nyumbani kula biriani. Sikuwahi kuona wakimfanyia mwingine hivyo.

Siku ninayotaka kuieleza, heshima yake hiyo nusura itufedheheshe.

Asubuhi ilishuka ndege iliyoleta maiti. Alikuwa mtu wa Kizimkazi, Muhiddin Kurwa, mwalimu wa skuli, aliyepelekwa India kutibiwa moyo, Mungu akamchukua huko huko. Sanduku lilifika ghalani kwetu likiwa limefungwa kama inavyotakiwa, na bahasha ya hati imebandikwa juu yake. Nyuma yake akaja nduguye, Wakil, mwenye duka la vifaa vya umeme Darajani, na gari ya kubebea maiti, na wanaume watatu wanne wenye kofia ambao walikaa kwenye kibaraza chetu bila ya kusema neno.

Wakil alitueleza mambo yalivyo. Kaburi limeshachimbwa. Watu wametangaziwa msikitini kwamba sala ni baada ya alasiri. Mama yao, Bi Maisara, mtu mzima sana, hajatia kitu kinywani tangu alipopata habari, na amesema hatokula mpaka amuage mwanawe. Kutoka kwetu hadi Kizimkazi ni mwendo wa saa nzima kwa gari inayokwenda pole pole, na maiti lazima ipite nyumbani kwanza. Kwa hivyo sanduku likichelewa kutoka ghalani kupita saa nane, wangezika kesho, na yule bibi angekesha siku nyingine hivyo hivyo.

Sasa, maiti inayotoka nje ya nchi haitoki ghalani mpaka ofisa wa afya aje aione. Anatazama sanduku kama limezibwa sawasawa na halivuji. Anasoma cheti cha kifo, cheti cha kutiwa dawa na cheti cha kufungwa kwa sanduku, analinganisha majina na pasi ya marehemu, kisha anatia saini. Bila ya saini hiyo hata forodha hawagusi kalamu. Siku hiyo ofisa wa afya alikuwa mmoja tu, Bi Ummkulthum, kwa sababu mwenziwe yuko likizo ya uzazi. Naye alikuwa ng'ambo ya pili, kwenye ukumbi wa abiria wanaowasili, akikagua kadi za homa ya manjano.

Mudrik akamwandikia ujumbe kwenye simu. Aliuandika kwa muda mrefu, anafuta, anarudia, mwisho akanisomea kwa fahari kidogo.

"Assalaam alaykum Bi Ummkulthum. Natumai umeamka salama na mama anaendelea vizuri na mguu wake. Samahani sana kwa kukusumbua, najua leo uko peke yako na kazi ni nyingi. Hapa ghalani kuna marehemu ameletwa kutoka India na tunahitaji jicho lako. Ukipata nafasi, kwa wakati wako, tutashukuru sana. Allah akulipe kheri."

"Umemwambia wanazika leo?" nikamuuliza.

"Maiti ni maiti, Nadra. Atajua mwenyewe."

"Atajulia wapi? Yule si mpiga ramli."

"Sitaki kumshika mtu koo na kazi yake. Yule hayuko chini yangu."

Jawabu likaja upesi, neno moja: "Inshaallah." Mudrik akaweka simu chini, ameridhika. Nami nikatazama lile neno nikapata wasiwasi, maana sote tunajua inshaallah zetu zilivyo. Iko inshaallah ya mtu anayevaa viatu, na iko inshaallah ya mtu anayelala.

Tukangoja. Mudrik hakukaa bure, alikwenda kwa watu wa forodha akawapangia kila kitu ili saini ya afya ikipatikana wasichukue hata dakika tano. Akarudi, akangoja tena. Jua likapanda. Wale wanaume wa kibarazani wakaenda kusali adhuhuri wakarudi, wakakaa pale pale. Nilimwambia ampigie simu. Akasema mtu akiwa na foleni mbele yake, simu inamtia aibu. Nilimwambia amkumbushe basi kwa ujumbe. Akasema kukumbusha ni kama kumwambia mtu umesahau. Wallahi nilitaka kumtupia kikombe cha chai. Bi Maisara yuko Kizimkazi na njaa yake, huku mwenzangu ameshughulika na hisia za foleni.

Wakil naye uvumilivu ulimwishia. Aliingia ofisini bila ya kubisha.

"Huyo bibi wa afya anakuja au haji?"

"Atakuja, bwana Wakil, inshaallah. Yuko peke yake leo. Tumstahamilie kidogo."

"Mimi nna mtu wangu mkubwa, nimesoma naye. Nkimpigia simu moja tu, hapa wote mtasimama."

Mudrik akainuka kwenye kiti. Hakupandisha sauti, lakini nilimwona ametishika kweli. "Nnakuomba usifanye hivyo. Yule hajakataa. Ukimpigia mkubwa wake utakuwa umemshitaki kwa kosa ambalo hakulifanya. Nipe muda niende mwenyewe, nikaseme naye uso kwa uso."

Wakil akageuka. Akatoka nje na simu yake mkononi. Mfiwa halaumiwi, nami sikumlaumu siku ile, ingawa maneno yake yalinichemsha.

Mudrik akachukua bahasha ya hati, mimi nikamfuata. Sikualikwa, ila nilihisi kwamba nikimwachia peke yake ataanza na mguu wa mama. Tulikata maegesho juani, tukajieleza kwa walinzi wa mlango, tukaonesha vitambulisho, tukaingia.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Abiria wamesimama kwenye mstari mrefu, wengine wana kadi zao za manjano mkononi, wengine wanapekua mabegi. Bi Ummkulthum alikuwa nyuma ya meza yake, mwanamke mnene mwenye miwani, mtandio wa buluu, anaitazama kila kadi mbele na nyuma. Kabla hatujamfikia, simu yake ikalia. Akaitazama, akaipokea kwa haraka.

"Naam, mkuu." Akanyamaza anasikiliza. "Nani? Nimezuia nini mimi?" Akanyamaza tena, na uso wake ukabadilika. "Sijazuia maiti ya mtu, mkuu. Nna abiria mbele yangu... Naam. Naam. Nimefahamu."

Akakata simu, akainua macho, na wa kwanza kumwona ni Mudrik, amesimama na bahasha yake.

"Kumbe ndivyo, bwana Mudrik," akasema taratibu. "Asubuhi unaniuliza mguu wa mama, mchana unanichongea kwa mkubwa wangu."

Nikafungua kinywa kusema aliyepiga ni nani. Mudrik akanikata jicho nikanyamaza, jambo ambalo halinitokei mara nyingi.

"Simu hiyo imetoka upande wetu," akasema. "Haikustahiki kupigwa. Nnakutaka radhi."

Nilingojea amtaje Wakil, hata kwa kuzunguka, hata kwa kusema mfiwa amechanganyikiwa. Hakumtaja. Baadaye nilimuuliza kwa nini, akaniambia kwamba yule bibi alikuwa na hasira na alihitaji mtu wa kuzibeba, na kama angeanza kuzirusha kwa mtu aliye mbali, mazungumzo yote yangekuwa ya nani kapiga simu, na maiti ingebaki ghalani.

Bi Ummkulthum akaishika simu yake, akaifungua, akamwekea mbele ya macho. "Soma. Umeandika nini hapa? Ukipata nafasi. Kwa wakati wako. Basi mimi nafasi sijapata. Maiti zinakuja hapa, jamaa wengine wanazifuata jioni, wengine kesho yake. Nimezuia nini?"

Mudrik akausoma ujumbe wake mwenyewe kama vile umeandikwa na mtu mwingine. Nilimwona shingo yake inavyolegea. Ndani ya maneno yale yote, salamu, radhi, mguu, dua, palikosekana jambo moja tu, nalo ndilo lililokuwa na kazi. Alikuwa amemstahi mpaka akamficha. Na sasa yule mwanamke ameshutumiwa kwa kuchelewa kwenye jambo ambalo hakuna aliyemwambia kwamba lina wakati.

"Kweli," akasema. "Sikukwambia, na kosa ni langu. Basi nnakwambia sasa. Wanazika leo baada ya alasiri, Kizimkazi. Mama wa marehemu yu hai, hajala tangu alipopata habari, anangoja kumuaga. Sanduku likitoka kwangu kabla ya saa nane wanawahi, likichelewa wanazika kesho. Hati zote ziko hapa, forodha wako tayari, imebaki saini yako. Nnakuomba uje. Na kama haiwezekani, niambie haiwezekani, ntakwenda kuwaambia wafiwa mwenyewe, na jina la watu wa afya halitotajwa."

Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akisema ombi zima kwa pumzi moja. Sauti ilikuwa ile ile ya upole, kichwa ameinamisha kidogo kama kawaida yake. Kilichobadilika ni kwamba kila alichokisema kilikuwa kitu.

Bi Ummkulthum akavua miwani. "Innalillahi wainna ilayhi rajiuna," akasema kimya kimya. Akapokea kadi ya abiria aliyefuata, akaitazama, akamrudishia. "Mwalimu, si ndiye? Nilisikia habari zake." Kisha akatikisa kichwa. "Bwana Mudrik, siwezi kuondoka. Mstari huu unauona, na ndege nyingine inashuka sasa hivi, inatoka kule kule kwenye maradhi. Nikiiacha meza hii tupu, akapita mtu mmoja hana kadi, yatakayofuata huko visiwani hayana mfano na simu mliyonichongea."

"Sikwambii uiache tupu," Mudrik akasema. "Meza hii nayo ina haki yake. Mimi wala Nadra hatuwezi kukaa hapa, si kazi yetu. Yuko mwengine anayeweza? Tuna gari, tunaweza kumfuata popote alipo."

Alifikiri. Nilimwona anafikiri na jambo asilolipenda.

"Yuko Hasan, ofisa wa afya wa bandarini. Lakini kituo chake ni chengine na ana mkubwa wake huko. Siwezi kumwamrisha." Akasita. "Na mwezi uliopita aliniomba nimshikie zamu ana harusi, nikamwambia siwezi. Kwa ukali pia."

Mudrik hakumshauri kitu. Alisimama tu, na hapo nikaona kwamba kusimama kwake kimya kunasaidia kuliko maneno, kwa sababu mwanamke yule alikuwa amewekwa pale pale alipokuwa Mudrik dakika mbili nyuma. Ana haraka, hana amri, na mtu anayemhitaji ana sababu ya kumnunia.

Akapiga simu. Tulisikia upande wake tu.

"Hasan, assalaam alaykum. Mwezi uliopita uliniomba nikakukatalia. Leo mimi nnakuomba, na una haki ya kuniambia hivyo hivyo." Akamweleza: maiti ya Kizimkazi, alasiri, ndege inayoshuka, meza isiyoweza kubaki tupu. "Nnakutaka unishikie hapa kwa muda nkakague sanduku nrudi. Gari itakufuata na itakurudisha. Huwezi, niambie tu, sitokuwa na neno."

Abiria wawili wakapita mezani, akizitazama kadi zao huku simu iko sikioni.

"Anasema boti yake imeshaondoka na nyengine bado," akatuambia, mkono juu ya simu. "Anakwenda kumwambia mkubwa wake." Kisha akasikiliza tena, na mabega yake yakashuka. "Anakuja. Mfuateni kwenye geti la bandari."

Nilikimbia. Sijakimbia hivyo tangu skuli. Nikachukua pikapu ya kampuni, nikapita barabara ya Kiembe Samaki nikimwombea dua kila mwenye gari aliyenipisha na kumwapiza kila asiyenipisha, nikaingia mjini kwa njia ya pwani ili nisikwame Darajani. Malindi kama kawaida yake, wachukuzi na mikokoteni, watalii na masanduku yao yasiyotaka kuburuzika, na Hasan amesimama nje ya geti la bandari, kijana mrefu, kizibao cha kazi amevaa na kadi yake shingoni. Akaingia kabla sijasimama sawasawa.

Njiani sikuweza kujizuia. "Kwa nini umekubali? Si alikukatalia wewe?"

"Alinikatalia," akasema, na akacheka kidogo. "Nlikuwa nimekaa namngojea siku anitake kitu nimlipe. Kisha leo ananambia naweza kukataa. Sasa mtu akishakwambia hivyo, unakataa nini?"

Nilifikiri juu ya neno hilo mpaka tukafika, na bado nalifikiri. Sisi wenye kelele tunadhani ukimwachia mtu mlango wa kutokea atatoka. Kumbe wengi wanautumia huo huo kuingilia.

Hasan akakaa mezani, Bi Ummkulthum akaja ghalani na mimi na Mudrik, mbio mbio na mkoba wake. Lakini alipofika mbele ya sanduku aliacha mbio. Aliwasalimia wale wanaume, akawapa pole mmoja mmoja. Akavaa glavu, akalizunguka sanduku pande zote, akainama kutazama pembe za chini, akashika lakiri moja moja. Akasoma vyeti vyote vitatu na pasi bila ya kuruka mstari, akasimama kwenye jina la baba wa marehemu lililoandikwa kwa herufi tofauti, akauliza, akaelezwa, akaandika. Nilipenda alivyofanya. Hakuifanya saini yake iwe sadaka kwa sababu tumemwomba vizuri, aliifanya kazi kama inavyotakiwa. Kisha akatia saini na muhuri, akasoma fatiha amesimama, akatoka kurudi kwenye meza yake. Mtu wa forodha alikuwa keshafika na kalamu yake iko wazi.

Sanduku likapakiwa. Wakati ulikuwa bado upo, mchache lakini upo. Wakil akamshika Mudrik mkono, macho yake mekundu, na katika shukurani zake akasema kile nilichokuwa nakiogopa.

"Umeona, bwana Mudrik? Mambo ya nchi hii ndivyo yalivyo. Simu moja tu, kaja mbio."

Mudrik akasema, "Alhamdulillahi, amekuja." Akataka kuyaacha hapo, wallahi alitaka kuyaacha yapite.

Mimi siwezi. "Simu yako, bwana Wakil, ndiyo iliyotaka kumzuia," nikasema, na wanaume wote wakageuka. "Yule bibi alikuwa hajui kwamba mnazika leo. Kashutumiwa mbele ya abiria kwa kosa ambalo si lake, na aliyebeba lawama ni huyu uliyemshika mkono, hakukutaja. Yule bibi kamwomba mtu wa bandarini, asiye chini yake, ambaye yeye mwenyewe alimkosea, akaomba kwa ajili ya ndugu yako. Ndivyo alivyokuja."

"Nadra," Mudrik akasema, "mtu amefiwa."

"Najua amefiwa. Ndiyo maana nimemwambia kwa sauti ndogo."

Wakil akaachia mkono wa Mudrik, akapanda mbele karibu na dereva, na gari ikaondoka. Mudrik akanitazama kwa huzuni, na nikajua nimeharibu. Nilisikitika kweli, si kwa niliyosema bali kwa wakati niliosemea.

Kisha tukaiona gari inakata kushoto badala ya kulia. Badala ya kushika njia ya kusini, ilikwenda mpaka mbele ya mlango wa wanaowasili, ikasimama. Tukaenda nyuma yake kwa miguu, Mudrik anasema jamani wakati, jamani wakati.

Wakil alikuwa ameshashuka, amesimama mbele ya mlinzi wa mlangoni. Nilitegemea kusikia jina la yule mkubwa wake. "Kaka yangu," alikuwa anasema, "najua siruhusiwi kuingia. Nnaomba, kama itawezekana, uniitie bibi wa afya. Nna maiti garini, siwezi kukaa. Kama hawezi kutoka, mwambie tu nlikuja."

Mlinzi akaingia. Bi Ummkulthum akatoka, bado ana glavu mkono mmoja, amefikiri labda kuna cheti kimesahauliwa.

"Ile simu ni mimi," Wakil akamwambia. "Si Mudrik. Yeye alinikataza. Ntampigia tena mtu wangu nimwambie awaambie wakubwa zako nlisema uongo. Nisamehe, dada yangu."

Bi Ummkulthum alimtazama, kisha akaitazama gari iliyokuwa nyuma yake, mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba. Machozi yalimtoka, na yakanitoka na mimi, sioni haya kusema.

"Nimekusamehe," akasema. "Ila umetumia dakika za mama yako kuja kwangu. Nenda, baba. Kampelekee mwanawe."

Alasiri ile, kabla ya adhana, Mudrik alipokea simu kutoka Kizimkazi. Sauti ilikuwa ya mwanamke mzee, haikuwa ya Wakil. Mudrik alisimama kumwamkia, akasema shikamoo mama, kisha akasikiliza, mkono ameuweka kifuani. Bi Maisara alikuwa anamwambia kwamba amemuona mwanawe, na kwamba ameshakunywa uji.